Kuupima Usomaji wa Riwaya Iliyozuiwa: Rosa Mistika Mikononi mwa Msomaji wa Karagwe na Kyerwa

Usomaji wa riwaya iliyowahi kupigwa marufuku hutofautiana kwa ubora, na jambo la kwanza linalomtenga msomaji mjuzi na msomaji wa pupa ni namna anavyoieleza marufuku yenyewe. Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ilichapishwa mwaka 1971, ikazuiwa katika shule za Tanzania kwa sababu ya namna ilivyosimulia mambo ya ngono, na baadaye ikageuzwa kuwa kitabu teule, yaani kitabu ambacho wizara imekiidhinisha kisomwe na kutahiniwa katika somo la fasihi. Zuio hilo lilihusu darasa, wala mwandishi hakufungwa kwa ajili ya kitabu chake. Hali ilikuwa tofauti kabisa nchini Kenya, ambako polisi walizikamata nakala za Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1987, mwandishi mwenyewe akiwa tayari uhamishoni. Msomaji anayeziweka riwaya hizi mbili katika kapu moja la "vitabu vilivyoogopwa na serikali" amekwisha kupotea kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kilichoogopwa katika kila kisa hakikuwa kimoja.

Hatua inayofuata ni kuipanga miaka. Shinikizo, kwa maana ya nguvu yoyote ya nje inayombana mwandishi wakati anapoandika, haliwezi kuelezea maandishi yaliyolitangulia, na hapa ndipo tafsiri nyingi huvunjika. Marufuku ya Rosa Mistika ilikuja baada ya kitabu kutoka, hivyo hakuna sentensi ndani yake inayoweza kuwa jibu kwa marufuku hiyo. Yaliyotangulia ni mengine. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, akasoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, wakati Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, vikiwa ndiyo lugha rasmi ya taifa. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha jijini Dar es Salaam Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, na kwa sehemu kubwa ni wasichana waliosumbuliwa barabarani kwa jina la utamaduni wa taifa. Kitabu kinachomfuata msichana kutoka kijijini hadi shule ya bweni na chuo cha ualimu, kikasema waziwazi yanayoupata mwili wake, kilitua katikati ya mabishano hayo.

Kazi ngumu zaidi ni kuonyesha mahali ambapo shinikizo limeacha alama katika umbo la riwaya, na mfano unaofaa kuchunguzwa kwa kituo ni mwisho wake. Zakaria, baba mlevi, anamlinda binti yake Rosa kwa kipigo na kwa kumtenga na wavulana. Rosa anatoka nyumbani bila kuujua ulimwengu wa wanaume, anatumiwa na watu wenye vyeo, anaizoea hali hiyo, na mwishowe, baada ya mchumba wake kumkataa kwa kuwa si bikira, anajiua. Riwaya haikomei kaburini, bali inawapeleka baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, na kila mmoja ana la kumlaumu mwenzake. Msomaji wa pupa husema kwamba mwandishi aliubandika mwisho huu ili kuwapoza wakubwa. Dai hilo linavutia, lakini halina ushahidi, na linamfanya mwandishi aonekane mwoga mahali ambapo pengine alikuwa mkali kuliko kwingine kote. Aliyelelewa seminarini aliijua hukumu ya mwisho kama fundisho la katekisimu, na jina lenyewe la riwaya ni sifa ya Bikira Maria katika litania ambayo Wakatoliki wa Kayanga bado wanaisali. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba alilitwaa umbo la Kanisa na kulitumia kumshtaki mzazi, jambo ambalo mahubiri ya kawaida juu ya binti aliyepotea hayakulifanya. Waliokizuia kitabu walihesabu vitendo vya Rosa. Mwisho wa kitabu unauliza vilianzia kwa nani.

Kipimo kingine ni kukilinganisha kitabu na kazi nyingine za mwandishi huyohuyo. Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, inausuta mpango wa vijiji vya ujamaa kwa ukali usiofichika, nayo ilichapishwa na kusomwa, ilhali tamthilia yake Kaptula la Marx, inayowakejeli viongozi wenyewe, iliandikwa katika miaka ya 1970 lakini haikutoka kitabuni hadi mwaka 1999. Tofauti hii ina uzito. Riwaya ya siasa ilipita, tamthilia ya kejeli ikabaki ndani ya mtoto wa meza bila tangazo la marufuku, na riwaya ya msichana ikafukuzwa shuleni. Anayesoma Rosa Mistika kama fumbo la kuupinga ujamaa anaipachika kazi ambayo Kezilahabi aliifanya wazi kwingineko, na papo hapo anakwepa jambo lililowaudhi watu kweli, yaani mamlaka ya baba juu ya binti.

Msomaji wa Karagwe na Kyerwa ana faida moja na mtego mmoja. Faida ni ya lugha: Kikerewe na Kinyambo ni lugha za ukoo mmoja, na aliyekulia Nkwenda au Nyaishozi huweza kuyatambua mazungumzo ya wazee wa Namagondo, adabu zao na ukali wao, kwa wepesi ambao msomaji wa pwani hana. Mtego ni wa historia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini walipatikana Kagera mwaka 1983, na mkoa ukabeba msiba huo kwa miaka mingi, hivyo ni rahisi kwa mwalimu wa huku kuifundisha Rosa Mistika kama onyo dhidi ya maradhi. Riwaya ilitangulia kwa miaka 12. Maangamizi ya Rosa hayatokani na virusi, yanatokana na malezi, vyeo na thamani iliyowekwa juu ya ubikira, na pindi ugonjwa unapoingizwa, Zakaria na wanaume wenye vyeo huachiwa huru, nayo lawama yote humrudia msichana, yaani palepale ilipowekwa na waliokiondoa kitabu shuleni.

Inafaa pia kusema kwamba marufuku haikipi kitabu ubora. Kurasa za Rosa Mistika ambamo msimulizi anasimamisha hadithi ili ahubiri ni dhaifu, na shinikizo linaweza kueleza kwa nini zipo, kwani nathari ya Kiswahili ilikuwa bado chini ya kivuli cha maadili ya Shaaban Robert, lakini kueleza kasoro si kuifuta. Hoja inayotaja tarehe, ikaonyesha ukurasa, ikakubali udhaifu wa kazi na bado ikabaki imesimama, hiyo ndiyo ya kupewa alama za juu. Inayomsifu mwandishi kwa ushujaa tu, hata ikiandikwa kwa Kiswahili kitamu namna gani, inastahili kurudishwa ikaandikwe upya.