Meno, Maji na Bei: Uhakiki wa Kigezo cha Neno katika Uchambuzi wa Vipindi vya Utafutaji kwa Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanahakiki kigezo kinachotumiwa kuamua iwapo mtafutaji wa habari katika injini ya utafutaji amebana mada, ameipanua au ameibadili. Kigezo hicho huhesabu maneno yanayorudiwa kati ya ulizo moja na jingine. Kwa kutumia mfano wa ukoo wa maulizo kutoka miteremko ya Mlima Meru, makala yanaonesha kwamba kigezo hicho huchanganya mshikamano wa maneno na muumano wa maana, na kwamba sarufi ya Kiswahili huliweka kosa hilo wazi.

1.0 Utangulizi
Kipindi cha utafutaji ni mfuatano wa maulizo ambayo mtu mmoja huyaandika kwa haja moja. Jansen, Booth na Spink (2009) waliyaainisha mabadiliko yanayotokea ndani ya mfuatano huo. Kwa muhtasari, ulizo likihifadhi maneno ya awali na kuongeza mengine, mada imebanwa. Likipunguza maneno, mada imepanuliwa. Lisipokuwa na neno hata moja la awali, mada ni mpya. Huang na Efthimiadis (2009) waliongeza kanuni za kukata viambishi na za kulinganisha tahajia. Kazi hizo zilijengwa juu ya maulizo ya Kiingereza, na kwa data hiyo kanuni zake zina mantiki. Swali letu ni kama mantiki hiyo huvuka na kuingia katika Kiswahili.

Maulizo halisi ya watu ni siri zao. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani maulizo ya watumiaji wapatao 650,000 baada ya kuficha majina yao, na baada ya siku chache waandishi wa habari walimtambua mmoja wao kwa maneno aliyoyaandika tu. Kwa sababu hiyo mfano ufuatao umetungwa na mwandishi. Mtafutaji ni mzazi anayeishi upande wa Ngurdoto, nje kidogo ya Jiji la Arusha:

(1) meno ya kahawia
(2) dawa ya meno ya kahawia
(3) maji yenye floraidi
(4) kuchuja maji yenye floraidi
(5) chujio la mkaa wa mifupa
(6) bei ya chujio
(7) bei ya kahawa

2.0 Neno Linapoongezwa Kushoto
Kutoka (1) hadi (2) limeongezeka neno moja la maana, nalo ni "dawa". Kigezo cha neno kitasema kwamba mada imebanwa. Lakini kirai nomino cha Kiswahili huanza na kiini, na vikumushi hufuata kuliani. Mtu akiandika "meno ya kahawia kwa watoto" ameongeza kikumushi, kiini kimebaki "meno", na hapo kweli amebana. Akitanguliza "dawa", kiini cha zamani kimeshushwa kuwa kijalizo. Mzazi ametoka kwenye dalili na kwenda kwenye tiba. Hajabana, amehamia jambo jingine lililo jirani.

Utata hauishii hapo. "Dawa ya meno" ni jina la kitu cha dukani ambacho watu hukipaka kwenye mswaki. Basi ulizo (2) linaweza kuchanganuliwa kuwa dawa ya [meno ya kahawia] au kuwa [dawa ya meno] ya kahawia. Upatanisho wa kisarufi hausaidii, kwa kuwa "dawa" katika umoja na "meno" katika wingi yote huchukua "ya". Lau mzazi angeandika "dawa ya jino la kahawia", "la" ingeonesha mara moja kwamba rangi ni ya jino. Kosa hili lina madhara. Ikiwa injini itashika maana ya dukani, mzazi ataletewa bidhaa za kusugulia meno, na nyingi kati ya hizo zenyewe zina floraidi. Doa la floraidi limo ndani ya jino tangu lilipokuwa likiumbika taya­ni, na kusugua hakuliondoi.

3.0 Mada Inayosemekana Kuwa Mpya
Kutoka (2) hadi (3) hakuna neno hata moja linalorudiwa. Kwa kigezo cha neno, kipindi kimekatika na mada mpya imeanza. Mkazi wa Arumeru hataona hivyo. Maji ya chemchemi na visima vingi katika miteremko ya Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia na maji ni jambo moja katika mazungumzo ya kila siku ya eneo hilo. Mzazi amefuata dalili hadi kwenye chanzo chake, na huo ndio mwendo wenye maarifa zaidi katika kipindi kizima. Kigezo kinauhesabu kama kuacha njia.

Kutoka (4) hadi (5) kosa linajirudia kwa sababu nyingine. "Kuchuja" na "chujio" ni maneno mawili tofauti kwa mashine inayolinganisha herufi baina ya nafasi mbili, ingawa yote yamejengwa juu ya mzizi chuj-. Hapa mzazi amebana kwelikweli. Ametoka kwenye tendo na kufikia kifaa mahususi, kwani mkaa wa mifupa ya wanyama ndiyo mbinu ya kuondoa floraidi iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Kukata viambishi kungeokoa mfano huu, lakini si kila mfano. "Meno" limetokana na ma- na -ino, irabu zikaungana. Anayekata ma- mwanzoni mwa neno hatalifikia "jino" kamwe.

4.0 Mada Inayosemekana Kuwa Ileile
Maulizo (6) na (7) yana "bei" na "ya" kwa pamoja, kwa hiyo kigezo kinaona mada moja iliyobadilishwa neno. Matokeo ya jumla yanashangaza: uzi mmoja, kutoka (1) hadi (6), umekatwa mara mbili, na mahali pekee ambapo msomaji angetaka kukata pameachwa.

Hata hivyo, msomaji naye asifanye haraka. Kahawa ni zao la fedha katika miteremko hiyo. Yawezekana mzazi ameacha habari za meno akaendelea na shughuli zake. Yawezekana pia anapima kama mavuno yatatosha kununua chujio, na basi (7) ndilo ulizo la mwisho la haja ileile. Matini yenyewe haitoi jibu.

5.0 Hitimisho
Halliday na Hasan (1976) walionesha namna vifungo vya maneno na sarufi vinavyoshikamanisha matini. Isimu matini iliyofuata ilisisitiza kwamba vifungo hivyo na muumano wa maana ni vitu viwili. Kigezo kilichohakikiwa hapa hupima cha kwanza na kutoa hukumu juu ya cha pili. Kwa Kiswahili, marekebisho matatu yanahitajika. A-unganifu isihesabiwe kuwa neno la pamoja, bali itumiwe kutambua kiini na kijalizo. Ulinganishi ufanywe kwa mizizi iliyochanganuliwa kimofolojia. Tatu, hukumu ya mada itolewe na wasomaji wawili wanaolijua eneo, kila mmoja peke yake, na wanapotofautiana, kama watakavyotofautiana juu ya (7), iandikwe kwamba haijulikani. Hesabu yenye nafasi hizo tupu itakuwa ndogo kuliko ile ya awali, lakini mzazi wa Ngurdoto hatasomwa humo kama mtu aliyepotea njia pale alipoipata.