Saa ya tafrija: hesabu inayokosewa kwenye kadi za harusi za Ntinda

Kadi ya harusi ya Kampala kwa kawaida hubeba saa mbili, ya ibada na ya tafrija. Ndoa ikifungwa katika kanisa la Mtakatifu Luka pale Ntinda, au katika parokia ya jirani, kadi itataja, tuseme, ibada saa nane mchana na tafrija saa kumi na moja jioni katika bustani fulani upande wa Kisaasi. Saa ya kwanza huheshimiwa kwa kiasi kikubwa. Ya pili ni wachache wanaoisadiki, na hata kamati iliyoiandika haiisadiki. Watu ni walewale, siku ni ileile, na barabara wanazopita ni zilezile. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuyatilia shaka maelezo tuliyoyazoea, kwamba watu wetu hawajali saa. Ninavyoona mimi, mgeni anayechelewa kwenye tafrija ameisoma kadi vizuri sana. Ameshajua kwamba saa iliyoandikwa haina jambo lolote litakalotokea wakati huo, akafanya makadirio yake. Anayetaka kuandika saa ya kweli aanze hapo, kwa kuuliza ni tukio gani linaanza saa hiyo, na kama lina nguvu ya kuanza bila kuwasubiri watu.

Ibada ina nguvu hiyo. Sheria ya Ndoa ya Uganda, ambayo asili yake ni mwaka 1904, inaitaka ndoa ya kanisani ifungwe kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Zaidi ya sheria, siku ya Jumamosi kuna jozi nyingine ya maharusi inayosubiri zamu, na mchungaji hana nafasi ya kuivuta ibada mpaka viti vijae. Tafrija haibanwi na chochote cha namna hiyo. Inaanza watu wakitosha, kama taksi ya kwenda Ntinda inayoondoka stendi abiria wake 14 wakishatimia, na hakuna abiria wa taksi anayeuliza itaondoka saa ngapi. Anachungulia ndani kuona viti vingapi vimebaki. Mtu huyohuyo akikata tiketi ya basi la usiku la kwenda Nairobi, hufika mapema na mizigo yake. Tabia yake haijabadilika kati ya vituo viwili. Kilichobadilika ni kanuni ya kuondoka.

Wanahisabati watatu wa Paris, Olivier Guéant, Jean-Michel Lasry na Pierre-Louis Lions, walipotaka kueleza nadharia yao kuhusu maamuzi ya umati mkubwa, walichagua mfano wa swali hili hili: mkutano utaanza saa ngapi? Katika mfano wao mkutano una saa iliyotangazwa, lakini unaanza kweli pale tu sehemu fulani ya wahudhuriaji, tuseme tisa katika kila kumi, wameshafika. Kila mtu anapima hasara tatu: aibu ya kuipita saa iliyotangazwa, kero ya kukuta mambo yameshaanza, na uchovu wa kukaa akisubiri. Mahali ambapo aibu ni ndogo na kusubiri kunachosha, kila mmoja anajisogeza nyuma kidogo, na kwa kuwa kila mmoja anajua wenzake wanafanya hivyo, saa ya kuanza inasogea pamoja nao. Hakuna aliye mzembe katika hesabu hiyo, na bado wote wanachelewa. Funzo linalofaa kwa mwandishi wa kadi ni kwamba kuirudisha saa iliyotangazwa nyuma hakuigusi kanuni ya kusubiri watu watimie. Kamati ikitaka watu saa moja ikaandika saa kumi na moja, wageni watajifunza kuongeza saa mbili. Ikiandika saa kumi, watajifunza kuongeza tatu. Kila harusi inayofanya hivyo inaitwisha harusi inayofuata deni la uongo.

Anayeumia katika mtindo huo ni yule aliyeiamini kadi. Mara nyingi ni mzee aliyekulia zama za kengele ya shule ya misheni, au mgeni kutoka Dar es Salaam asiyejua desturi ya mji, au mama aliyelipa mtu wa kumlelea mtoto kwa muda maalumu. Anafika saa kumi na moja na kuwakuta vijana wakifunga vitambaa kwenye viti. Kisha mshereheshaji anatangaza kwamba “tuwasubiri kidogo wenzetu”, maana yake muda wa aliyefika ni wa kutumiwa kwa ajili ya asiyefika. Hata lile ombi linalochapwa chini ya kadi, la kuwataka wageni watunze muda, linamfikia yeye zaidi kuliko mwingine, kwa sababu ndiye anayeyachukulia maandishi kwa uzito. Anakemewa kwa kosa ambalo hakuwahi kulifanya.

Wapo watakaosema kiini cha yote ni foleni. Anayetoka Mukono kwa Barabara ya Jinja na kukunja kuingia Ntinda pale Spear Motors jioni ya Jumamosi hawezi kuahidi atafika saa ngapi. Ni kweli, ila foleni ingekuwa ndiyo sababu kuu ingeacha alama tofauti. Foleni haitabiriki, kwa hiyo inawatawanya watu pande zote mbili: mwenye tahadhari angetoka mapema, na siku ambayo barabara ni nyeupe angejikuta amewahi kwa nusu saa nzima. Kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe watu wa namna hiyo ni wengi. Kwenye tafrija hawaonekani. Karibu wote wamekaa upande mmoja wa saa iliyoandikwa. Foleni inaeleza kwa nini wageni hawafiki pamoja. Haielezi kwa nini hakuna anayewahi. Ushahidi mwingine tuliupata wakati wa korona, Uganda ilipoweka marufuku ya kutembea usiku mwishoni mwa Machi 2020, marufuku ambayo kwa viwango tofauti ilidumu hadi Januari 2022. Sherehe zilihamia mchana zikiwa na mwisho usiosogezeka, na aliyechelewa alikuwa hatarini kuikosa sherehe karibu yote. Nakiri kwamba idadi ya wageni nayo ilibanwa sana, na watu wachache ni rahisi kufika pamoja, kwa hiyo sitaki kuubebesha ushahidi huo mzigo usio wake. Unaonyesha tu kwamba mwisho uliofungwa huuvuta mwanzo.

Lakini chanzo kikubwa zaidi cha uchelewaji wa tafrija hakiko kwa wageni hata kidogo. Kiko kwenye ratiba ya maharusi wenyewe, na kinaweza kuonekana kabla kadi haijachapwa. Tuchukue ile ibada ya saa nane. Ikichukua saa moja na nusu pamoja na kutia saini daftari la ndoa, inakwisha saa tisa na nusu. Picha za makundi nje ya kanisa, familia moja baada ya nyingine, zinakula nusu saa: saa kumi. Kwenda mahali pa picha za maharusi peke yao ni dakika 20, na kupiga picha zenyewe ni saa nzima: saa kumi na moja na dakika 20. Kubadilisha gauni na kurekebisha nywele, dakika 40: saa kumi na mbili. Safari ya kwenda bustanini katika msongamano wa jioni, dakika 40, kisha dakika 20 za kujipanga nje ya lango na wapambe: saa moja kamili. Kadi iliyosema saa kumi na moja ilikuwa imekosea kwa saa mbili tangu siku ya kuandikwa, hata kama kila mgeni angefika kwa dakika. Picha haziwezi kusogezwa mpaka baada ya safari pia, kwa kuwa jua la Kampala huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi mwaka mzima. Mpiga picha anakimbizana na mwanga wa mwisho, na ukumbi mzima unalipa gharama ya mwanga huo.

Kamati ikishafanya hesabu hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza: kupiga picha za maharusi asubuhi kabla ya ibada, au kuomba ibada ya saa sita. Ya pili ni kukubali saa moja na kuandika ukweli, kwa kutenganisha mambo mawili ambayo kadi ya kawaida huyarundika chini ya saa ileile. Ningeiandika hivi: “Bustani iko wazi kuanzia saa kumi na mbili jioni, kuna vinywaji, vitafunio na muziki. Maharusi wanaingia saa moja na robo. Chakula ni saa mbili.” Dakika 15 zilizoongezwa kwenye hesabu ni za foleni, na zinatosha iwapo aliyekadiria safari alikadiria ya Jumamosi jioni na si ya Jumapili asubuhi. Sentensi ya kwanza ni ya anayewahi: inamwambia kwamba akifika saa kumi na mbili hajafika mapema mno, amefika kwenye jambo lililoandaliwa. Kwa hiyo lazima liwepo. Saa kumi na mbili vinywaji viwe vimeshapoa, muziki unapigwa, na mtu wa familia yuko langoni kumkaribisha na kumpa kiti kizuri, badala ya kumsukuma nyuma ili meza za mbele zibaki tupu kwa ajili ya wasiofika. Sentensi ya pili ni ya anayechelewa. Haimkemei, inamwambia atakachokikosa. Saa moja na robo iliyo kati yake na ile ya kwanza inaimeza foleni.

Pingamizi zito linahusu heshima. Utaanzaje bila baba mkubwa, bila mwenyekiti wa mikutano ya harusi, bila waliochanga? Jibu ni kutofautisha wanaohitajika na wanaotarajiwa. Ili maharusi waingie wanahitajika wao wenyewe, wapambe, wazazi wa pande zote mbili, mshereheshaji na mpiga muziki. Hao hawafiki 20, na wote wanaweza kupigiwa simu mchana huo. Desturi ya kwanjula tayari inafanya hivyo: upande wa mwanamume hukutana kwanza mahali palipokubaliwa, mara nyingi kituo cha mafuta, kisha msafara unaondoka pamoja, na atakayechelewa ataukuta umekwenda. Hakuna anayesema ametukanwa, kwa sababu kinachotajwa ni saa ya kuondoka, na kila mtu anajua magari yataondoka kweli. Kwa waliochanga, kundi la wasap la kamati ndilo linalofaa kubeba habari: wiki moja kabla, mwenyekiti awaambie wazi kwamba maharusi wataingia saa moja na robo hata kama nusu ya viti iko wazi. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, kwa dakika 40 za “tusubiri kidogo”, kadi ya ndugu anayefuata katika ukoo huo itasomwa kama zamani.

Kuna mahali mpango huu unakwama: mgeni rasmi mwenye cheo, ambaye ana shughuli tatu Jumamosi hiyo na walinzi wake hawatoi saa. Haaminiki kwa ratiba, wala si busara kumfungia mlango. Kosa ni kumweka kwenye tendo la kufungua. Hotuba yake ipangwe baada ya chakula, isitajwe kwenye kadi kwa saa yoyote, na mshereheshaji awe na jambo jingine la kuweka mahali pake, kukata keki au zawadi, akiwa hajafika. Akifika saa tatu usiku atazungumza saa tatu usiku, mbele ya watu walioshiba.