Shalom, Mulembe na Salama

Kijana wa Bungoma anayesoma kwamba Waebrania huamkiana kwa kusema shalom, yaani amani, hashangai hata kidogo. Kwao tangu utotoni amesikia mulembe, na mulembe ni amani, na papo hapo ni salamu. Mwenzake wa Kitale hali kadhalika, kwa kuwa Wabukusu wengi wamekaa nchi ya Trans Nzoia, na salamu yao wanayo huko. Kwa hiyo kijana huyo akipewa kazi ya kufasiri kwa Kiswahili, huiona rahisi mno. Shalom ni mulembe, mulembe ni amani. Basi kila aonapo shalom ataandika amani, kazi ikaisha.

Msomaji wangu, hatua mbili za kwanza ni sawa. Ya tatu ndiyo yenye mtego, maana Kiswahili hakikukabidhi kazi zote hizo kwa neno moja. Mswahili akikutana na mtu husema hujambo, au huuliza habari. Akiagana naye husema kwaheri. Na vita vikikoma ndipo husema pana amani. Mebrania hutosheka na shalom mahali pote patatu. Imempasa mfasiri ajiulize kila mara, si neno hili maana yake nini, bali msemaji analitumia kwa kazi gani.

Tazama kwanza asili ya maneno. Shalom limetoka katika shina lenye maana ya ukamilifu, kitu kizima kisichopungua. Kiarabu, ambacho ni ndugu ya Kiebrania, kina shina lilo hilo, na kutoka huko sisi tumepata salamu, salama, salimu na usalama. Amani nalo ni la Kiarabu, lakini shina lake ni jingine: ni jamaa ya imani, amini na amana, na lina maana ya kutokuwa na hofu. Kwa hiyo kwa nasaba, ndugu wa damu wa shalom ni salama. Nasaba peke yake haitoshi kuamua tafsiri, lakini katika mfano nitakaoutoa inasaidia sana.

Mfano huo umo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mwanamke wa Shunemu alipata mtoto uzeeni mwa mumewe. Siku moja mtoto alikwenda shambani kwa wavunaji, akashikwa na kichwa, akaletwa nyumbani, na ilipofika adhuhuri akafa magotini pa mama yake. Mama akamlaza juu ya kitanda cha nabii Elisha, akafunga mlango, akataka punda aende kwa nabii. Mumewe, asiyejua kitu, akamwuliza sababu ya kwenda siku hiyo isiyo mwezi mpya wala sabato. Jibu la mama lilikuwa neno moja tu: shalom.

Utalifasirije? Ukiandika kwaheri, ni kweli mama anaondoka, lakini hajamjibu mumewe. Ukiandika amani, utamfanya mwanamke aliyefiwa ahubiri. Ukiandika hakuna neno, amejibu, lakini kuaga kumepotea, tena umemtwika uongo ulio wazi. Mimi ningeandika salama. Mtu akiulizwa kuna nini, anaweza kusema "Salama" na kufunga mazungumzo. Na neno lilo hilo lina harufu ya safari, kwa kuwa twasema nenda salama. Mume alichukue apendavyo, kama alivyolichukua la Kiebrania.

Sasa mama anakaribia mlima Karmeli. Elisha anamwona kwa mbali, anamtuma mtumishi wake Gehazi apige mbio akamwulize mambo matatu: je, kwako ni shalom? Kwa mume wako ni shalom? Kwa mtoto ni shalom? Naye hujibu tena kwa neno moja, shalom.

Tafsiri ya mwaka 1952, ile iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri ya Mombasa na ya Unguja, hapa ilitumia hujambo na hajambo. Naona waliotafsiri walisikia vema. Hujambo asili yake ni kwamba huna jambo, hakuna lililokusibu. Nalo linakaribia sana maana ya kitu kizima kisichopungua. Tena ni salamu ya kawaida ya njiani, isiyo na kishindo, na Gehazi ni mtumishi aliyetumwa kwa haraka.

Lakini kuna shida katika jibu. Hujambo ni neno lenye kiambishi, na anayelijibu hana budi kutaja ni nani asiye na jambo: sijambo, hajambo, hatujambo, hawajambo. Shalom ya mama haitaji mtu. Akijibu kwa kiambishi cha watu wengi, amemhesabu mtoto wake maiti miongoni mwa wasio na jambo, na kusema uongo mtupu. Akisema salama, hakumtaja mtoto wala mume. Amejifunika kwa neno lisilo na mwenyewe.

Kwa hiyo ningeyageuza maswali ili yalingane na jibu: Habari yako? Habari ya mume? Habari ya mtoto? Salama. Mtu wa Kitale atakitambua kisa mara moja. Huko, kama kwingineko kwetu, hata aliyetoka matangani huitikia "Salama" kwanza, ndipo aseme "ila", kisha atoe habari yenyewe. Mama huyu aliishia kwenye salama. Ile "ila" alimwekea Elisha, na alipomfikia alimshika miguu.

Usidhani basi kwamba nataka salama kila mahali. Sulemani na Hiramu walipofanya agano, shalom iliyokuwa kati yao ni amani, na neno jingine lingekuwa dogo mno. Na Daudi alipomwita Uria kutoka vitani, alimwuliza juu ya shalom ya Yoabu, na ya watu, na shalom ya vita! Hapo mwenye kufuata kamusi ataandika amani ya vita, na kila msomaji atacheka. Daudi anauliza tu hali, vita vinaendeleaje. Ukiona tafsiri yako inachekesha mahali ambapo mwandishi hakucheka, rudi nyuma ukatazame kazi ya neno.

Ninalo bado jambo moja la kuitetea salama katika kisa cha Shunemu. Fungua sura ya 5. Elisha anamwaga Naamani, jemadari wa Shamu, kwa shalom; nenda salama. Gehazi, mtumishi yule yule, akamfuata mbio kwa tamaa ya fedha. Naamani alipomwona akashuka garini, akauliza kwa neno moja kama ni shalom. Gehazi akaitikia, shalom, kisha akatunga uongo wake na kuondoka na talanta 2 za fedha. Aliyetumwa kuuliza katika sura ya 4 ndiye anayeulizwa katika sura ya 5, na jibu ni lile lile la mama aliyefiwa. Mfasiri aliyeandika hawajambo huku na amani kule amelikata uzi jambo hili, na msomaji hataliona. Andika salama mahali pote pawili, kisha usome kwa sauti, uone kama hutamsikia mama yule katika kinywa cha Gehazi.