Dakika Kumi na Nne na Picha ya Keki

Meneja masoko hakuanza na mwongozo. Alianza na keki. Aliirusha picha kwa projekta kwenye ukuta wa ghala, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Jamani, mnaona nini hapo?”

Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi, ghalani, pembeni ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam. Kampuni inauza friji, majiko na mashine za kufulia, na duka lake liko Kariakoo. Watu kama arobaini walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki: wa mauzo, wa kaunta, madereva na utingo wao, mafundi, mzee mmoja wa ulinzi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwaandalia wakubwa wa maofisi maneno ya kusema mbele ya watu, kwa hiyo nikialikwa kwenye shughuli kama hii siketi kama mgeni. Huangalia saa na kuandika. Hotuba ilichukua dakika 14. Mwongozo wenyewe wa mitandao ya kijamii una kurasa 9, na hakuusoma hata ukurasa mmoja.

Majibu yalikuja kwa kelele. Keki! Mishumaa! Dada wa kaunta kapendeza! Meneja akaivuta picha, ikakua, ikakua tena, mpaka keki ikatoka ukutani na kubaki kona ya juu kulia. Kulikuwa na kompyuta iliyoachwa wazi. Kwenye skrini lilisomeka jina la mteja, namba yake ya simu, mtaa anaokaa na kiasi anachodaiwa kwa friji aliyokopa. Kelele zikafa. Baadaye aliniambia kwamba picha ile aliitengeneza mwenyewe jioni ya jana yake, kwa jina na namba za kubuni, ili asimwaibishe mfanyakazi yeyote aliyewahi kufanya kosa hilo kweli. Angetumia picha ya kweli, nusu ya ghala wangekuwa wanamtazama mwenzao, na somo lingepotea hapo hapo.

Inafaa kueleza kwa nini mbinu hii ilishika. Karibu kila mwongozo wa namna hii una sentensi ya kutaka taarifa za wateja zilindwe. Hakuna anayeipinga, na bado taarifa zinavuja, kwa sababu anayeposti hajui kwamba anavujisha. Anapopiga picha jicho lake liko kwa mtu au kitu anachokipenda, na kona nyingine zote za picha hazimo akilini mwake. Ukimwambia awe makini zaidi, atakuwa makini na keki. Meneja aliwapa kitu cha kufanya kwa mkono: kabla ya kutuma, ivute picha kwa vidole viwili, upite kona zote nne, kisha ndipo ubonyeze.

Hakuishia kusema. Akawaambia kila mtu atoe simu, atafute picha ya mwisho aliyopiga kazini, na azipite kona hizo pale pale. Ndani ya dakika moja utingo mmoja akainua mkono. “Dada, hii ya kwangu ina karatasi.” Ilikuwa picha yake mwenyewe akiwa amesimama juu ya gari, anacheka, mzigo nyuma yake. Kwenye boksi la friji ilikuwa imebandikwa hati ya kupokelea mzigo, na hati ile ina kila kitu: jina, simu, mtaa, hata maelekezo ya kufika nyumbani. Kwa watu wa ghala hatari haiko kwenye kompyuta, iko kwenye hati hizo, na meneja hakuwa na mfano wa hati katika maandalizi yake. Utingo ndiye aliyemletea.

Hapo ndipo alipoitaja sheria, kwa sentensi mbili tu: kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwamba mteja akilalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, atakayeitwa kujieleza ni kampuni. Akaendelea. Nimesikia wengi wakifungua hotuba kama hii kwa vifungu na faini, na matokeo yake ni yale yale: watu wanasikia vitisho, wanaamua kimoyomoyo kwamba siku wakikosea watanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo jambo ambalo meneja wa masoko anapaswa kuliogopa kuliko kosa lenyewe, na sehemu ya pili ya hotuba ilijengwa kuliondoa.

Aliwasimulia kisa cha Februari 2011 cha Msalaba Mwekundu wa Marekani. Mfanyakazi wao mmoja alikuwa anatumia programu ya HootSuite, ambayo humwezesha mtu kushika akaunti kadhaa mahali pamoja. Usiku akaandika habari za bia na ulevi akidhani yuko kwenye akaunti yake ya Twitter, kumbe yuko kwenye akaunti ya shirika. Maneno yakakaa hewani kama saa moja. Shirika halikukana wala halikusingizia kudukuliwa. Lilifuta, likasema kwa utani kwamba Msalaba Mwekundu haujalewa na funguo zimeshachukuliwa. Watu wakacheka, na kampuni ya bia iliyotajwa, Dogfish Head, ikawahimiza wapenzi wake wachangie shirika.

Wanaosimulia kisa hiki wengi huishia kwenye bia, kwa kuwa ndipo panapochekesha. Meneja alikifikisha mwisho, na alikaa muda mrefu zaidi kwenye ile saa moja. Akauliza: ingekuwa siku mbili je? Kisha akatoa utaratibu wa kufuata ukishakosea, na hapa niliinua kichwa kutoka kwenye daftari, kwa sababu hatua zake zilikuwa kinyume cha silika ya watu.

Mtu akigundua kwamba stetasi yake ya WhatsApp ina namba ya mteja, mkono unakimbilia kufuta. Meneja alisema: kwanza gusa alama ya jicho uone waliokwisha kuitazama, piga skrinishoti ya orodha hiyo, halafu futa, halafu nipigie simu. Simu, si ujumbe. Kuna sababu. Ukifuta stetasi, orodha ya waliotazama inapotea nayo, na baada ya hapo hakuna awezaye kusema kama namba ya mteja imeonwa na watu 3 au 300. Kupiga skrinishoti kunachukua sekunde tatu, na sekunde tatu hazimwongezei mteja madhara makubwa. Lakini orodha ile ndiyo inayoamua kama kampuni imwombe radhi mteja mmoja kimyakimya au ijiandae kwa jambo kubwa zaidi. Kipo kikwazo ambacho hakukitaja: waliozima alama za kuonyesha kwamba wamesoma hawaonekani kwenye orodha. Kwa hiyo idadi ile ni kiwango cha chini, na angewaambia hivyo wangeelewa.

Kwa wanaoshika akaunti ya Instagram ya duka alitoa agizo moja linalotokana moja kwa moja na kisa cha Marekani: akaunti ya kampuni itolewe kwenye simu binafsi, ibaki kwenye simu ya ofisi tu. Hilo halihitaji busara ya mtu wala uangalifu wake saa tano za usiku.

Mpaka hapo zilikuwa zimepita dakika 9 na hotuba ilikuwa inakwenda kama maji. Kisha akafungua karatasi na kusoma: “Mfanyakazi asiposti jambo lolote linaloweza kuchafua jina zuri la kampuni.”

Kijana wa mauzo akadakia. “Dada, nikiandika kwamba mshahara umechelewa, nimechafua?”

Kicheko. Meneja naye akacheka, akasema, “Kaka yangu, tumieni busara tu.” Akageuza ukurasa.

Hilo ndilo kosa kubwa la asubuhi ile, na lilisikika. Watu waliokuwa wameinama mbele wakaegemea viti. Kwa dakika 9 alikuwa amewapa vitu vinavyopimika: kona nne, alama ya jicho, simu ya ofisi. Sasa akawapa kitu ambacho kipimo chake kiko kichwani mwa bosi, na kijana alikuwa ameuliza swali halali kabisa. Lilikuwa na jibu. Angeweza kutenganisha mali ya kampuni na mali ya mtu: taarifa za wateja, bei ambazo hazijatangazwa na mazungumzo ya grupu za kazi ni vya kampuni na havitoki, mshahara wako, siasa zako na timu yako ni vyako. Huenda uongozi wa juu haukumruhusu kusema waziwazi kwamba mshahara ni mali ya mtu. Basi angeahidi kuleta jibu kufikia Ijumaa. “Busara” haikuwa jibu, na kila mtu pale alijua hilo.

Aliokoka alipofika kwenye malalamiko ya wateja. Mfano wake ulikuwa komenti chini ya tangazo la duka: mteja anadai friji imekufa wiki mbili baada ya kuinunua. Wa mauzo wengi hujibu wenyewe kwa nia njema, na wengine hujifanya wateja walioridhika, wakisema yao inagandisha vizuri tu. Hilo la pili alilikataza bila kuzunguka: ukisifia bidhaa yetu, sema unafanya kazi hapa, la sivyo usisifie. Kwa lile la kwanza, alisema piga skrinishoti, itume kwenye grupu ya huduma kwa wateja, uache. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Mtu wa mauzo akiandika “tutakubadilishia”, ameshatoa ahadi ya dhamana mbele ya umma kabla fundi hajaangalia kama friji ilichomekwa kwenye umeme unaokatika na kurudi bila kifaa cha kuilinda.

Mzee wa ulinzi ndiye aliyeuliza la mwisho: nani anaiangalia hiyo grupu saa nne usiku? Meneja akamwamkia kwanza, “Shikamoo mzee,” akapata nafasi ya kufikiri, kisha akasema ukweli kwamba hakuna, na kwamba jibu litatoka saa mbili asubuhi. Aliandika swali hilo pembeni mwa karatasi yake. Nilipenda kwamba safari hii hakusema busara.

Baada ya siku tisa nilimpigia kumuuliza kama kuna lililotokea. Kulikuwa na moja. Utingo, si yule wa kwanza, alimpigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi: stetasi, hati kwenye boksi, watazamaji 23, skrinishoti tayari, ameshafuta. Meneja akampigia mteja kabla ya saa mbili. Walipoivuta picha ile pamoja kupita kona zote, wakaikuta hati nyingine kwenye boksi la nyuma, ya mteja wa pili, na ilibidi apige simu tena.