Foleni Iliyojificha Ndani ya Pembetatu

Mwanafunzi wa uchumi akichora mstari wa uhitaji ukiteremka kutoka kushoto kwenda kulia, huuona kama njia ya bei. Usome tena kama foleni ya wanunuzi: mbele kasimama aliye tayari kulipa zaidi, nyuma anayetaka kulipa kidogo. Alfred Marshall alipoieneza picha hii katika kitabu chake cha 1890, maana ya maeneo yake ilitegemea mpangilio huo.

Tuseme tunauza nyanya kwa tenga, bei ikiwa katika maelfu ya shilingi. Uhitaji ni P = 60 − 2Q, na ugavi ni P = 10 + 0.5Q. Mistari inakutana kwenye matenga 20, kwa bei ya 20. Mnunuzi wa mbele, aliyekuwa tayari kutoa karibu 60, analipa 20 tu. Anachobaki nacho mkononi ni ziada yake. Wa mwisho habaki na kitu. Ukizijumlisha ziada zote unapata pembetatu iliyo juu ya bei: nusu ya 20 mara 40, yaani 400. Kimo ni shilingi kwa tenga, upana ni idadi ya matenga. Ndiyo maana eneo linatoka kuwa shilingi. Wauzaji nao wamepangwa kwa gharama, na pembetatu yao chini ya bei ni nusu ya 20 mara 10, yaani 100. Jumla ni 500.

Sasa serikali iweke ukomo wa bei wa 15. Wauzaji wanaleta matenga 10 tu, na ziada yao inashuka hadi 25. Kwa wanunuzi, vitabu hutia rangi trapeza yenye eneo la 350. Jumla ni 375, na pembetatu ya 125 imepotea.

Hapo ndipo umbo linaposema zaidi ya linalojua. Trapeza ile inadai kwamba matenga 10 yamewaendea watu 10 wa mbele. Lakini kwa bei ya 15 wanunuzi wanataka matenga 22.5, na bei haiwezi tena kuwachuja. Wakipata kwa bahati nasibu, mnunuzi wa wastani anathamini tenga kwa 37.5, hivyo ziada yake ni 22.5. Mara 10, tunapata 225, si 350. Shilingi 125,000 nyingine zimepotea, na mchoro haukuzionyesha popote.

Waliopata wakiruhusiwa kuuza tena kwa uhuru, matenga yatawarudia watu wa mbele, japo sehemu ya ziada itawabakia waliobahatika kwanza. Wakizuiwa, trapeza haipimi tena kilichotokea. Kabla ya kuitia rangi, uliza tenga lilimfikia nani.