Povu Kwenye Migunga Iliyozama

Tangu mwaka 2010 hivi, Ziwa Nakuru limepanda mno. Maji yalilifikia lango kuu la zamani la mbuga, yakaingia kwenye msitu wa migunga, na miti mingi ikafa ikiwa imesimama majini. Fundi wa michoro ya kompyuta anayetaka kulijenga ziwa hilo ndani ya mchezo wa video ana mtihani wa haki mbele yake: vigogo vya kijivu, maji ya kijani yaliyojaa vijimea, na povu la magadi linalosukumwa na upepo ufuoni.

Maji hayo huchorwa na sheda, programu fupi inayoipa kila pikseli rangi yake. Nauenzi ufundi huu kwa sababu karibu kila kitu ndani yake hutegemea swali moja: hapa maji yana kina gani?

Kadi ya michoro huchora kwanza vitu vigumu, yaani ardhi, mawe na vigogo, na kuhifadhi umbali wa kila kimoja kutoka kwenye kamera. Maji huchorwa mwisho. Sheda husoma umbali wa kilicho nyuma ya maji, kisha hutoa umbali wa uso wa maji wenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, hapo ni ufuoni, na povu huwekwa.

Wengi huishia hapo, na picha huwa nzuri mradi kamera iko juu. Ishushe hadi karibu na maji uone: utepe wa povu unasinyaa. Sababu ni kwamba tofauti ile imepimwa kwa mshazari, kwenye mstari wa jicho. Tuseme povu limeruhusiwa hadi sentimita 20. Kamera ikitazama wima chini, hizo ni sentimita 20 za kina kamili. Ikitazama kwa pembe ya nyuzi 10 tu kutoka usawa wa maji, sentimita 20 za mshazari ni kina cha sentimita 3.5 hivi. Ziwa halikubadilika, aliyesogea ni mtazamaji.

Dawa yake ni kurudisha pikseli ya chini mahali pake halisi katika ulimwengu wa mchezo, kisha kulinganisha kimo chake na kimo cha maji:

```glsl
float kina = uso.y - chini.y;
float povu = 1.0 - smoothstep(0.0, 0.2, kina);
```

Hata hivyo, kipimo cha mshazari kisitupwe. Rangi ya maji inakihitaji, kwa kuwa mwanga hufifia kulingana na urefu wa maji unaoyapita kuja machoni. Hesabu yake ni `exp(-k * umbali)`. Kwa maji mazito kama ya Nakuru mimi huanza na `k` ya 6 kwa mita: baada ya sentimita 10 hubaki asilimia 55 ya mwanga, na baada ya nusu mita asilimia 5 tu. Povu hufuata wima, rangi hufuata mshazari.

Mawimbi madogo huletwa na ramani ya mielekeo, picha inayoiambia kila pikseli uso wake umeinamia wapi. Ramani moja ikiteleza peke yake, jicho hugundua haraka kwamba ni zulia linalovutwa. Zikiwekwa mbili, zenye ukubwa, kasi na mwelekeo tofauti, zikajumlishwa, uso huchemka kama maji ya kweli. Mielekeo hiyohiyo husogeza kidogo picha ya vilivyo chini, na hivyo mwanga huonekana umepinda. Hapa kuna kosa linalojulikana kwa dalili yake: kivuli cha rangi ya kigogo huchuruzika pembeni mwa kigogo kilicho mbele ya maji. Sheda imechukua rangi ya kitu kisichozama. Isome kina tena mahali iliposogea. Ikiwa kitu hicho kiko karibu na kamera kuliko uso wa maji, irudi kwenye pikseli ya awali.

Migunga inaonyesha pia mpaka wa mbinu hii. Povu la kina hutokea upande wa kigogo unaoikabili kamera pekee. Nyuma yake sheda huona sakafu ya ziwa iliyo mbali, hivyo huacha maji matupu. Ukitazama kutoka juu kabisa, povu la kigogo hutoweka pande zote. Kwa vigogo, fundi makini hutayarisha mapema picha ya ziwa zima inayohifadhi umbali wa kila sehemu hadi kigogo cha karibu, na kuongeza povu upande unaopigwa na upepo.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu: unamtaka fundi ajue kila tone la povu limewekwa pale na ziwa, na upepo, au na mahali alipoiweka kamera.