Shingoni, Kamwe Si Pajani: Kumtambua Mdungaji Mzuri wa Ng'ombe

Ukitaka kumpima mdungaji wa mifugo, mtazame siku ya chanjo ya ndigana kali. Siku hiyo ndama mmoja hupata sindano mbili: moja chini ya ngozi, penye tezi ya sikio, na nyingine ndani ya msuli. Ya kwanza hubeba vimelea hai vya ndigana vilivyogandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Ya pili ni oksitetrasaiklini ya muda mrefu, dawa inayovizuia vimelea hivyo visimuue ndama huku mwili wake ukijifunza kupambana navyo. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanaijua vizuri chanjo hii, ambayo mchanganyiko wake una jina la Muguga, kule Kenya. Mkono uliozembea katika sindano yoyote kati ya hizo mbili huonekana baadaye, ama kwa ndama kuugua, ama kwa jipu, ama kwa nyama iliyoharibika buchani.

Anza kumtazama kabla hajamgusa ndama. Mdungaji mzuri hupima uzito kwa tepi inayozungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Hakisii kwa macho. Tuchukue ndama wa kilo 70. Kwa dawa ya asilimia 30, dozi ya chanjo hii ni mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo ndama huyo anastahili mililita 7. Akikadiriwa kuwa na kilo 50 atapewa mililita 5, na upungufu huo ni wa hatari, kwa sababu vimelea alivyopewa ni hai na dozi yake ya vimelea haikupunguzwa. Anayeongeza dawa kidogo kwa tahadhari nimemwona mara nyingi, na simlaumu. Anayeipunguza ili chupa ifike kwa ndama wengi zaidi, usimwachie kundi lako.

Kisha tazama chupa. Katika mpira wa chupa ya dawa panapaswa kuwa na sindano moja safi inayobaki hapo hapo, ya kuchotea tu. Sindano iliyoingia kwa mnyama hairudi kwenye chupa hata mara moja. Ikirudi, huingiza damu na uchafu wa ngozi ndani ya dawa, na wanyama wote watakaofuata hugawiwa uchafu huo. Damu kidogo iliyobaki ndani ya sindano inatosha kuhamisha ndigana baridi kutoka kwa ng'ombe aliyepona, lakini bado ana vimelea, hadi kwa mwenzake mzima. Ndiyo maana napendelea sindano mpya kwa kila ndama. Pasipowezekana kabisa, ibadilishwe angalau kila baada ya wanyama 10, na papo hapo ikipinda, ikigusa chini au ikianza kukwama kwenye ngozi. Iliyopinda hainyooshwi, maana hapo imeshadhoofika na itakatikia ndani ya nyama.

Kuna jambo moja la usafi ambalo huwapotosha hata wenye bidii. Bomba la chanjo hai haliwekwi kwenye spiriti wala dawa ya kuulia vijidudu, kwa sababu mabaki yake huiua chanjo yenyewe, na mfugaji huondoka akidhani ng'ombe wake wamekingwa. Mabomba ya kurudia huchemshwa kwa dakika 20 na kuachwa yapoe. Chanjo iliyoyeyushwa hukaa kwenye barafu, kivulini, na hutumika ndani ya saa chache. Ngozi iliyojaa matope au kinyesi husafishwa na kuachwa ikauke kwanza.

Sasa sindano ya sikio. Ndama abanwe vizuri, kichwa kikigeuzwa upande. Mdungaji huivuta ngozi chini ya sikio kwa vidole viwili mpaka isimame kama hema dogo, kisha huingiza sindano fupi kwenye msingi wa hema hilo, ikiwa imelala kidogo. Akiwa mahali sahihi, ncha husogea kwa urahisi kati ya ngozi na nyama, na dawa huingia bila kusukumwa kwa nguvu. Ukiona bomba linakataa na kiuvimbe kigumu kinatokea juu ya ngozi papo hapo, ncha imebaki ndani ya ngozi. Ukiona manyoya yamelowa upande wa pili wa hema, ametoboa akatokea nje, na dozi imemwagika. Fundi wa kweli husema, "Hii imemwagika," na kurudia.

Sindano ya msuli ndiyo inayotofautisha wajuzi. Wengi bado hukimbilia tako na paja, kwa kuwa mnyama akiwa kwenye kibanio ndiyo sehemu iliyo karibu. Hapo pana makosa mawili. Tako la ndama ni jembamba, na neva kubwa ya mguu hupita chini yake. Ikiguswa, ndama huchechemea. Tena hapo ndipo penye nyama ya bei. Oksitetrasaiklini ya muda mrefu huunguza msuli inapoingia, na kovu lake hubaki. Sindano aliyopigwa akiwa ndama inaweza kukutwa siku ya kuchinjwa, na nyama iliyo kando ya kovu huwa ngumu hata pale inapoonekana nzima kwa macho. Mkaguzi wa nyama akikata jipu, hukata na nyama inayolizunguka.

Mahali pake ni shingoni. Weka kiganja mbele ya bega: juu kuna kano nene ya shingo, chini kuna mstari wa mifupa ya shingo unaoteremka, nyuma kuna bega lenyewe. Pembetatu iliyo katikati ndiyo ya kudungia. Kwa ndama wetu wa kilo 70, ningegawa mililita 4 upande mmoja na mililita 3 upande wa pili. Ng'ombe mkubwa asipewe zaidi ya mililita 10 mahali pamoja, na matundu yaachane kwa upana wa kiganja. Sindano namba 18, yenye urefu wa sentimita 2.5, inamfaa ndama. Huingia wima na kwa haraka, kisha mdungaji huvuta bomba kidogo. Damu ikionekana, anachomoa na kuchagua mahali pengine. Dawa hii ni nzito, kwa hiyo husukumwa polepole.

Matokeo huonekana siku zinazofuata. Katika wiki ya pili hivi, tezi chini ya sikio inaweza kuvimba na ndama kuwa na homa kidogo. Hiyo ni kazi ya chanjo, asichomwe wala kupasuliwa. Homa kali isiyoshuka, kuhema kwa shida au kukataa kunyonya ni sababu ya kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Uvimbe wa shingoni ulio mdogo na unaopungua haunisumbui. Ulio na joto, unaokua na kulainika katikati ni jipu, na wakiwa na majipu ndama kadhaa waliochanjwa siku moja, tafuta kosa kwenye chupa au kwenye sindano.

Mwisho wa kazi, ndama huvishwa hereni, na daftari huandikwa tarehe, dawa, upande uliodungwa na siku za kusubiri kabla ya kuchinja kama zilivyo kwenye lebo. Sindano zilizotumika huingia kwenye dumu gumu lenye kifuniko, mbali na miguu ya watoto wa boma. Na sindano ikikatikia ndani, weka alama mahali pale, mwite daktari mara moja, na usimuuze mnyama huyo kwa mchinjaji kabla haijatolewa.